Beji yangu imerudi na milisivati 3.8 kwa miezi miwili, na mimi huwa nyuma ya kioo. Imekuwaje?

ZamuYaAsubuhi
Wakuu, habari za humu. Mimi ni mpiga picha za eksirei, mwaka wa sita huu kazini. Chumba chetu ni cha picha za kawaida: kifua, mifupa, mgongo, tumbo. Hatuna sitiskani wala fluoroskopi. Ninapobonyeza kitufe niko nyuma ya kioo cha risasi, mlango umefungwa.

Beji zetu hukusanywa kila baada ya miezi miwili, zinakwenda kusomwa, ripoti inarudi. Miaka yote yangu imekuwa 0.1, mara nyingine haifiki hata hapo. Ripoti ya jana, safari hii mstari wangu umepigwa rangi: `Hp(10)`, dozi ya ndani ya mwili, 3.8 mSv; `Hp(0.07)`, dozi ya ngozi, 3.9 mSv. Wenzangu watatu wote wana 0.1.

Sijalala vizuri. Nimeshavuka kikomo? Nikapime damu? Na kubwa zaidi, mionzi hii imenipata wapi kama sijabadilisha namna ya kufanya kazi?

FilamuNyeusi
Pole binti. Mimi nimestaafu, nilianza kazi enzi za beji za filamu. Kwanza tulia, kikomo ni milisivati 50 kwa mwaka, wewe bado uko mbali sana.

Pili, nakuuliza: beji hukuiacha ndani ya gari juani? Sisi ilitutokea mara nyingi. Mtu anaisahau juu ya dashibodi wiki nzima, joto linaipika, ripoti inarudi kubwa hadi mkuu wa idara anaitisha kikao. Kumbe ni jua.

Mgongo_Unauma
Na mimi naomba kusaidiwa hapo hapo. Mwezi uliopita nilifanyiwa sitiskani ya tumbo, nikasoma kwamba inafika kama milisivati 10. Huyu dada ana 3.8 na hajalala. Mimi si nimekwisha? Raia wa kawaida nasikia mwisho wake ni 1 kwa mwaka. Kwa nini hospitali haikunipa beji?

Fizikia_Tiba
Nianze na Mgongo_Unauma ili tusichanganye mambo. Vikomo hivyo havihusu mgonjwa. Vimewekwa kwa mtu anayepata mionzi bila yeye mwenyewe kuihitaji: mfanyakazi kazini, au jirani wa jengo. Wewe ulipigwa picha kwa sababu daktari alitaka kuona kitu tumboni mwako, na kipimo hapo ni kama picha hiyo ilikuwa na sababu na kama mashine ilitumia kiasi kinachotosha tu. Hata mfanyakazi mwenye beji, siku akiwa yeye ndiye mgonjwa, anaivua kwanza. Akiisahau kifuani, rekodi yake ya kazini itabeba dozi ya matibabu na tutamtafuta mchawi asiyekuwepo.

Sasa dada ZamuYaAsubuhi. Mzee wangu FilamuNyeusi yuko nusu sahihi kwenye kikomo. Tangu 1990 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi inapendekeza milisivati 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na hakuna mwaka mmoja unaoruhusiwa kupita 50. Kwa hiyo 50 ipo bado, ila ni dari ya mwaka mmoja mbaya. Ukijipa 50 kila mwaka, kwa miaka miwili tu umemaliza mia moja ya miaka mitano.

Kwa hesabu hiyo hujavuka kitu. Lakini zidisha 3.8 kwa vipindi sita vya mwaka: 22.8. Ndiyo maana wamepaka rangi. Mtu wa chumba cha picha za kawaida akitoka 0.1 hadi 3.8, kuna kitu kimetokea, na kinatafutwa kabla ya kipindi kijacho. Damu hutakiwi kupima kwa ajili hii. Vipimo vya kawaida vya damu havionyeshi chochote kwa dozi ndogo namna hii; utatumia pesa na kujiongezea wasiwasi tu.

Nijibu maswali haya: (1) beji unaivaa wapi hasa, ndani au nje ya aproni? (2) Ukimaliza zamu inalala wapi? (3) Ile beji ya kulinganishia, isiyovaliwa na mtu, mnaiweka wapi?

FilamuNyeusi
Na jua je? Hujalijibu.

Fizikia_Tiba
Samahani mzee. Kwa filamu ulikuwa sahihi kabisa: joto huifanya filamu iwe nyeusi na weusi ndio uliosomwa kama mionzi. Lakini beji za sasa nyingi zina vipande vya fuwele, kwa mfano litiamu floraidi. Fuwele inatunza nishati ya mionzi iliyopita, kisha maabara wanaipasha moto nayo inatoa mwanga, na mwanga huo ndio wanaoupima. Sasa jua la dashibodi linafanya nini? Linaanza kuipasha moto kabla ya maabara. Sehemu ya kumbukumbu inavuja. Itasoma pungufu. Kwa hiyo joto lingempa dada namba ndogo kuliko ya kweli, si kubwa.

Mwanafunzi_Mwaka2
Samahani kuingilia. Mimi nilidhani beji inapunguza mionzi kidogo, ndiyo maana tunalazimishwa kuivaa hata siku za kujifunza tu.

NesiWaTheta
Haipunguzi hata chembe, mdogo wangu. Ni mita ya umeme tu: haikuzuii kuwasha jiko, inaandika ulichotumia. Na ya fuwele haipigi hata kelele. Unajua kilichokupata baada ya wiki kadhaa.

Sisi wa chumba cha upasuaji ndio wa kulia. Mashine inawaka dakika nzima daktari anatafuta msumari kwenye mfupa, na sisi tumesimama pale pale. Mimi nilifundishwa kanuni tatu: punguza muda, ongeza umbali, weka kinga. Ukirudi nyuma mara mbili mionzi inapungua nusu.

Fizikia_Tiba
Inapungua hadi robo, nesi, si nusu. Mita 1 ukipata nne, mita 2 unapata moja, mita 3 hupati hata nusu. Ndiyo maana kurudi hatua moja nyuma, ukiwa karibu, kunasaidia kuliko watu wanavyofikiri, na ukiwa tayari mbali hatua hiyo hiyo haikupi faida kubwa.

Ila kuna jambo wengi wanalikosea: umbali huo unapimwa kutoka wapi? Watu wanapima kutoka kwenye mashine. Kwa mfanyakazi, chanzo ni mgonjwa. Mwale mkuu unaingia mwilini mwake na sehemu yake inatawanyika pande zote, kama tochi unayoimulika kwenye ukungu. Kanuni ya mkononi tunayotumia: mita 1 kando ya mgonjwa, mionzi iliyotawanyika ni karibu sehemu moja ya elfu ya ile iliyopiga ngozi yake. Kumbukeni hiyo moja ya elfu, tutaihitaji hapa chini.

ZamuYaAsubuhi
Asanteni sana, nimetulia kidogo. Majibu yangu:

Beji huwa nabana kwenye koti, kifuani. Lakini, na hapa naona aibu kidogo, kipindi hiki nilianza kuibana kwenye aproni yangu ya risasi, upande wa nje, kwa sababu niliisahau nyumbani mara mbili na nikasemwa. Aproni haiondoki kazini, nikaona ndiyo dawa. Aproni naivaa nikitoka na mashine ya kusukuma kwenda wodini, au mara chache nikilazimika kubaki chumbani.

Muda mwingine aproni inaning'inia kwenye ndoano yake. Ndoano ziko ndani ya chumba, ukutani.

Beji ya kulinganishia iko ofisini, droo ya mkuu.

Ushahidi_Kwanza
Basi kesi imekwisha. Beji imeishi chumbani miezi miwili inakula mionzi ya wagonjwa wote. Mwambie mkuu wako afute namba hiyo, maisha yaendelee.

Fizikia_Tiba
Usikimbilie kufuta. Ni kweli beji inasoma ilipokuwa yenyewe, haijui wewe ulikuwa wapi. Lakini tuhesabu kwanza kama kuning'inia ukutani kunatosha kufika 3.8. Mimi nina mashaka.

Dada, ndoano iko umbali gani kutoka kitandani na kutoka stendi ya kifua? Na kwa siku mnapiga picha ngapi za mgongo, nyonga na tumbo, na ngapi za kifua?

ZamuYaAsubuhi
Nimepima leo kwa futi ya fundi. Kutoka katikati ya kitanda mita 2 kamili. Stendi ya kifua iko ukuta ule ule wa ndoano. Kutoka katikati ya stendi hadi aproni yangu inapoanzia ni sentimita 30 hivi, na beji iko pembeni kidogo ya hapo. Mgonjwa akisimama yuko kama sentimita 60 kutoka kwenye beji.

Picha nzito za mgongo, nyonga na tumbo ni kama 12 kwa siku. Kifua ni 25 hivi. Mikono na miguu sihesabu, ni nyingi.

Fizikia_Tiba
Sentimita 30 kutoka katikati ya stendi. Hapo pamenishtua, nitarudi.

Kwanza kitanda. Picha ya mgongo ya mbele, ngozi ya mgonjwa inapokea kama miligrei 4 hadi 5, na kwa eksirei miligrei moja tuihesabu kama milisivati moja hivi. Moja ya elfu yake kwa mita 1 ni mikrosivati 4 hivi. Kwa mita 2 gawanya kwa nne: mikrosivati 1 kwa picha. Picha 12 kwa siku, siku 44 za kazi: mikrosivati 528, yaani milisivati nusu.

Sasa kifua. Picha ya kifua ni nyepesi mno, ngozi inapata miligrei 0.1 hivi. Moja ya elfu ni mikrosivati 0.1 kwa mita 1. Beji iko sentimita 60, kwa hiyo inapanda hadi karibu 0.3. Mara 25, mara 44: mikrosivati 330. Jumla yote haifiki milisivati 1. Mikono na miguu hata tukiongeza haibadilishi kitu.

Hesabu ya kukadiria namna hii inaweza kukosea hata mara mbili, nakubali. Lakini haitakupa 3.8. Kuna karibu milisivati 3 ambazo mtawanyiko hauzielezi. Na wewe mwenyewe ukiwa nyuma ya kioo huwezi kuzipata, wala wenzako wa chumba hicho hicho hawana.

Ninachoshuku ni mwale mkuu. Beji ikipigwa na mwale wenyewe pale kwenye stendi, picha moja ya kifua inaipa takriban mikrosivati 100, badala ya 0.3. Milisivati 3 zinahitaji picha 30 tu. Si miezi miwili. Ni asubuhi moja.

Ushahidi_Kwanza
Mwale ungeipigaje? Mgonjwa yuko mbele ya stendi, beji iko pembeni. Kolimeta si inakata mwale uenee kifuani tu?

Fizikia_Tiba
Ikiwa imefungwa vizuri, ndiyo. Ikifunguliwa hadi mwisho? Mashine nyingi, kolimeta ikiwa wazi kabisa, hutoa eneo la sentimita 43 kwa 43 kwa umbali wa mita 1. Kifua tunapiga kwa mita 1.8. Zidisha: 43 mara 1.8 ni sentimita 77. Kutoka katikati hadi ukingo ni zaidi ya 38.

Dada, beji yako ilikuwa sentimita ngapi kutoka katikati?

ZamuYaAsubuhi
Aproni inaanza 30. Beji nilibana kwenye ukingo wa karibu, kama 34 au 35.

Mungu wangu. Wakuu, kuna kitu nimekumbuka. Taa ya kolimeta iliungua katikati ya kipindi kile. Ile taa inayoonyesha kwa mwanga eneo litakalopigwa. Ilikaa siku nne mbovu kabla fundi hajabadilisha balbu. Siku za wiki tulikuwa tunakadiria kwa vipimo vya kwenye visu vya kolimeta. Lakini Jumamosi moja kililetwa kikundi cha watu kupimwa vifua kabla ya kuajiriwa. Mimi sikuwa zamu. Aproni yangu ilikuwa kwenye ndoano, na beji ikiwa juu yake.

Nitaangalia daftari walikuwa wangapi.

FilamuNyeusi
Hapo sasa najua kilichotokea bila hata kuona daftari. Taa ikifa, kijana anaogopa kukata kona ya pafu na kurudia picha, anafungua kila kitu. Na siku hizi kompyuta inampunguzia aibu: anakata kingo kwenye skrini, picha inatoka safi kama ya mwalimu. Enzi zetu filamu ilikusuta. Ukifungua mno, wote wanaona.

Mwanafunzi_Mwaka2
Lakini chumba kikiwa na mionzi mingi namna hiyo Jumamosi, Jumatatu aliyeingia si aliikuta bado imo ukutani na kwenye aproni?

NesiWaTheta
Hapana. Kitufe kikiachiwa, imekwisha, kama taa uliyoizima. Eksirei haiachi vumbi wala harufu. Ukuta hauanzi kutoa mionzi kwa sababu ulipigwa. Mimi nimefanya kazi miaka na wafagiaji wanaogopa kuingia theta kwa sababu hiyo, wanafagia mlangoni tu.

ZamuYaAsubuhi
Daftari: watu 41. Vyote ni vifua, vyote Jumamosi hiyo. Nimeongea na mwenzangu aliyekuwa zamu kwa upole, amekiri alifungua "ili nisikose". Hakuwa na nia mbaya, alikuwa peke yake na foleni imefika nje.

Ushahidi_Kwanza
Naomba nipinge kidogo, si kwa ubaya. Mlihitaji picha 30, mmepata watu 41. Mngepata watu 60 mngesema "wengine walikuwa wanene wakaziba". Mngepata 20 mngesema "hesabu inakosea mara mbili". Hesabu inayokubali kila jibu haijathibitisha kitu. Na huyu dada huwa anakwenda wodini na mashine ya kusukuma. Kwa nini zisitoke huko?

Fizikia_Tiba
Swali zuri, nalipenda. La wodini linajibika: mashine ya kusukuma inapiga kifua, mionzi ya mtawanyiko ni mikrosivati 0.1 kwa mita 1, na waya wa kitufe unamruhusu kusimama mita 2. Kwa mita 2 kila picha ni mikrosivati 0.025. Kufikisha milisivati 3 angehitaji picha 120,000 kwa miezi miwili. Hata angekuwa anaegemea kitanda cha mgonjwa haiwezekani.

La kwanza ni kweli, hesabu peke yake haitoshi. Lijaribiwe. Afisa usalama wa mionzi wa hapo aombe beji ya ziada kwa wanaowasomea. Itundikwe pale pale, kolimeta ifunguliwe kabisa, vipimo vya mashine viwe vile vile vya Jumamosi, ipigwe mara 10, chumba kikiwa tupu. Mbele ya stendi wekeni madumu ya maji badala ya mgonjwa. Maji yanatawanya eksirei karibu sawa na mwili. Beji nyingine iwekwe mahali hapo hapo, kolimeta ikiwa imefungwa ipasavyo, kwa kulinganisha. Zitumwe zote pamoja na barua ya maelezo, la sivyo zitaingia kwenye rekodi ya mtu.

NesiWaTheta
Wakati tunasubiri majibu, niulize lililonikera siku nyingi. Beji ivaliwe ndani ya aproni au nje? Kwetu kila daktari ana dini yake.

Fizikia_Tiba
Hata nchi hazikubaliani, usishangae. Wanaosema ndani wanataka kujua kiwiliwili kimepata nini hasa baada ya risasi kuzuia. Wanaosema nje, kwenye kola, wanataka kujua kichwa na macho vimepata nini, na macho yana uzito sasa: mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ilishusha kikomo cha lenzi ya jicho kutoka milisivati 150 hadi wastani wa 20 kwa mwaka. Kwa theta yako mimi ningetaka beji mbili, moja ndani kiunoni na moja nje kwenye kola. Mkiwa na moja, fuateni kanuni ya nchi yenu, muivae hapo hapo wote siku zote, na anayesoma ripoti ajue ni wapi. Ubaya mkubwa ni leo ndani, kesho nje. Namba ya nje inaweza kuwa mara kumi na zaidi ya ile ya ndani kwa mtu yule yule, siku ile ile.

Na aproni yenyewe msiitupe kitini. Risasi iliyokunjwa inapasuka kwa ndani na wewe huoni kitu kwa nje.

FilamuNyeusi
Mimi sikubaliani na beji mbili. Utazichanganya siku ya kwanza ya mwezi. Ya kola itakwenda kiunoni, na ripoti itasema kiuno kinaungua.

NesiWaTheta
Hilo nalo lipo mzee. Kwetu tayari ilitokea, tukaziwekea rangi tofauti. Zikachanganywa tena.

ZamuYaAsubuhi
Wakuu, nimerudi. Imechukua wiki tano, samahani.

Jaribio tulifanya na afisa wetu wa usalama. Kolimeta wazi, picha 10, madumu mbele: beji imesoma milisivati 1.1. Yaani mikrosivati 110 kwa picha. Kolimeta imefungwa kwa saizi ya kifua, picha 10: haikutofautiana na ile ya kulinganishia.

Kwa hiyo milisivati 3 ni picha 27 hivi. Watu walikuwa 41.

Ndoano zimehamishiwa korido, nje ya mlango. Beji sasa zina ubao wake ofisini, kando ya ile ya kulinganishia, na sisi tunaichukua tukiingia zamu. Balbu ya akiba iko kwenye droo.

Ushahidi_Kwanza
Hongera, hili ni jaribio la kweli. Lakini niweke wazi linasema nini: linasema inawezekana ilitokea hivyo. Na zile picha 14 zilizobaki?

Fizikia_Tiba
Bega la mtu mpana linaweza kuifunika beji. Au mwenzake alifungua kolimeta baada ya watu kadhaa, si tangu mwanzo. Au ukingo wa mwale ulikuwa unapita juu ya beji nusu nusu. Sentimita 35 na ukingo wa 38 ni jirani mno. Sijui ni ipi, na jaribio hili haliwezi kuchagua.

Dada, rekodi wamesema nini?

ZamuYaAsubuhi
Hawajafuta. Afisa ameandika ripoti ya uchunguzi, ameambatanisha daftari, ratiba ya zamu na matokeo ya jaribio, akapendekeza niwekewe 0.1 kama makadirio. Mamlaka ndiyo itakayoamua. Hadi leo mstari wangu bado ni 3.8 na maandishi madogo pembeni, "inachunguzwa".

Ushahidi_Kwanza
Na wale watu 41? Kila mmoja alipigwa eneo la sentimita 77 badala ya 40 na kitu. Shingo, tumbo, vyote vilikuwa ndani. Uzi mzima tunahesabu dozi ya beji iliyokuwa ukutani, na wao hawakuwa na beji.

Fizikia_Tiba
Kwa mtu mmoja mmoja nyongeza ni ndogo, picha ya kifua inabaki picha ya kifua, na kama kungekuwa na mjamzito ningependa ihesabiwe peke yake. Lakini umesema kweli, hilo ni tukio la wagonjwa na lilipaswa kuandikwa kama tukio la wagonjwa. Dada, liliandikwa?

ZamuYaAsubuhi
Kwenye ripoti ya afisa kuna sentensi moja tu, "taa ya kolimeta ilikuwa mbovu". Kesho ninaingia zamu naye. Nitamuuliza.